Bakteria nao huvamiwa: Walinzi wawili wanaowakinga dhidi ya virusi

Mama mmoja aliingia katika chumba changu cha matibabu akiwa na karatasi ya maabara mkononi. Ilikuwa mara yake ya tatu katika muda wa miezi minane kutibiwa maambukizi ya njia ya mkojo. Karatasi hiyo ilionyesha kwamba ugonjwa wake uliletwa na bakteria aitwaye E. koli, na mbele ya majina ya dawa nyingi tunazozijua palikuwa na herufi moja tu: R. Herufi hiyo humaanisha kwamba bakteria huyo ameizoea dawa, na hawezi tena kuuawa nayo.

"Daktari," aliniuliza, "nimesikia redioni kwamba kuna virusi vinavyokula bakteria. Kwa nini msinipe hivyo badala ya kunijaza vidonge visivyofanya kazi?"

Swali lake ni la maana, na halijibiwi kwa ndiyo au la. Ni kweli kwamba virusi vya aina hiyo vipo. Ni kweli pia kwamba vimetumiwa kuwatibu watu. Lakini bakteria wamepigana navyo kwa muda mrefu mno kabla ya binadamu kuwapo duniani, na hawakukaa mikono mitupu. Anayetaka kutumia silaha hii ni sharti kwanza ajue ngao za adui. Leo nitaeleza ngao mbili kati ya hizo, kwa sababu ndizo zinazojulikana vizuri zaidi, na kwa sababu moja kati yake inahusiana kwa karibu na ile herufi R iliyomsumbua mama yule.

ADUI WA BAKTERIA

Virusi vinavyoshambulia bakteria huitwa bakteriofaji, au faji kwa kifupi. Viligunduliwa na Mwingereza Frederick Twort mwaka 1915, kisha Mfaransa Felix d'Herelle akavieleza na kuvipa jina mwaka 1917. Vimo katika udongo, katika maji ya mito, katika maji taka, na hata ndani ya utumbo wako wewe unayesoma makala haya. Havimdhuru binadamu kama vile virusi vya surua au mafua vinavyofanya, kwa kuwa haviwezi kuzaana katika chembe za mwili wetu.

Faji ni kitu kidogo sana: ganda la protini lililofunga uzi wa DNA, yaani maandishi ya urithi. Hutua juu ya bakteria, hushika sehemu fulani ya ukuta wake kama ufunguo unavyoshika kufuli, kisha huingiza DNA yake ndani na kuliacha ganda nje. Kama hakuna kinachoizuia, DNA hiyo humgeuza bakteria kuwa karakana ya kutengeneza faji wengine. Pengine kabla ya saa moja kwisha, bakteria hupasuka na faji wapya, makumi kwa makumi, humwagika nje kutafuta mawindo mengine.

Kwa hivyo bakteria ana dakika chache tu za kufanya uamuzi. Ndani yake mna DNA yake mwenyewe, na sasa imeingia DNA ya mgeni. Zote mbili zimeandikwa kwa herufi zile zile nne ambazo wanasayansi huzifupisha A, C, G na T. Atajuaje ipi ni yake na ipi ni ya adui? Akikosea na kuikata yake, atakuwa amejiua. Ngao zote mbili tutakazozitazama ni majibu ya swali hilo moja.

MLINZI WA KWANZA: ANAYETAZAMA ALAMA

Ngao ya kwanza ilijitokeza katika jambo lililowatatiza watafiti mapema katika miaka ya 1950. Salvador Luria na Mary Human waliandika juu yake mwaka 1952, na Giuseppe Bertani na Jean Weigle wakafuata mwaka 1953. Hebu tufuate jaribio lenyewe, maana ni rahisi kulielewa.

Chukua faji aitwaye lambda. Mkuze ndani ya E. koli wa kabila linaloitwa C. Kisha chukua faji hao uwaweke juu ya E. koli wa kabila jingine, K-12. Karibu wote wanashindwa. Kati ya kila faji 10,000, ni wachache mno wanaofaulu kuzaana. Mtu angedhani kwamba hao wachache wamebadilika kimaumbile, kama bakteria wanavyobadilika wakaizoea dawa.

Sasa chukua watoto wa hao wachache waliofaulu uwaweke tena juu ya K-12. Safari hii wote wanafaulu, bila taabu yoyote. Bado unaweza kusema wamebadilika. Lakini wapitishe mara moja tu katika kabila C, kisha uwarudishe K-12: wanashindwa tena kama mwanzo. Mabadiliko ya kweli ya urithi hayafutiki namna hiyo kwa kizazi kimoja. Ilikuwa kana kwamba kila kabila la bakteria linampa faji anayezaliwa ndani yake kitambulisho, na kitambulisho hicho kinapotea mara anapozaliwa kwingine.

Aliyelitegua fumbo hilo ni Werner Arber wa Geneva, Uswisi, akishirikiana na Daisy Dussoix, mwaka 1962. Walionyesha kwamba kitambulisho hicho kimo juu ya DNA yenyewe, na kwamba DNA isiyo nacho hukatwakatwa mara inapoingia. Baadaye ilibainika kwamba kitambulisho hicho ni alama ndogo ya kikemia iitwayo methili, inayobandikwa juu ya herufi fulani bila kubadilisha maana ya maandishi.

Msomaji anayeishi katika mtaa wenye lango na soja atalielewa jambo hili upesi. Soja hawajui wakazi wote kwa nyuso zao. Anatazama tu kama gari lina stika ya mtaa kwenye kioo. Lenye stika linapita. Lisilo nayo halipiti.

Bakteria ana vimeng'enya viwili, yaani protini mbili za kufanya kazi maalumu. Kimoja hubandika stika. Kingine hukata DNA isiyo na stika. Vyote viwili hutafuta neno lile lile fupi katika maandishi ya DNA. Kwa mfano, kimeng'enya maarufu kiitwacho EcoRI, ambacho hutoka kwa E. koli, hutafuta neno hili la herufi sita:

```
GAATTC
```

Kila kinapolikuta bila alama, hukata baina ya G na A. Ukipiga hesabu, neno la herufi sita hujitokeza kwa bahati mara moja katika kila herufi 4,096 hivi. DNA ya faji lambda ina herufi 48,502, na neno hilo limo mara tano. Faji huyo akiingia bila alama, uzi wake hukatwa vipande sita, na habari yake imekwisha.

Lakini DNA ya bakteria mwenyewe ina herufi zaidi ya milioni nne na nusu, na neno hilo hilo limo humo mara mamia. Ndiyo maana kila mahali pana sharti pawe na alama, bila kukosa hata pamoja. Je, bakteria anapojigawa na kuandika nakala mpya, nakala hiyo haikatwi kabla ya kupata alama? Haikatwi. DNA ni uzi wa pande mbili zilizosokotana. Katika kunakili, upande mmoja huwa wa zamani, wenye alama, na mwingine huwa mpya. Alama ya upande mmoja yatosha kumzuia mkataji, na kibandikaji huja kuumalizia upande wa pili. Mgeni hana alama upande wowote, na hapo ndipo anaponaswa.

Mwaka 1970, Hamilton Smith na Kent Wilcox wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, walitangaza kimeng'enya cha kukatia mahali mahususi walichokitoa katika Haemophilus influenzae. Huyu ni wa jamii ile ile ya bakteria ambayo aina yake moja, b, huwaletea watoto homa ya uti wa mgongo, na ambayo watoto wa Kenya huchanjwa dhidi yake tangu mwaka 2001. Mwaka 1978, Arber, Smith na Daniel Nathans walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Mikasi hiyo ya bakteria ndiyo iliyowawezesha wanasayansi kupandikiza jeni ya insulini ya binadamu ndani ya E. koli, na wagonjwa wa kisukari wamefaidika nayo tangu miaka ya 1980.

UDHAIFU WA SOJA

Mlinzi wa kwanza ana sifa moja kubwa: hahitaji kumjua adui. Faji ambaye hajawahi kuonekana tangu dunia iumbwe atakatwa papo hapo, mradi tu ana neno linalotafutwa na hana alama.

Hata hivyo sifa hiyo ndiyo pia udhaifu wake. Mkataji na kibandikaji hushindana juu ya DNA iliyoingia. Mara nyingi mkataji hushinda. Mara chache, kibandikaji hutangulia na kumpa adui stika ya mtaa. Hao ndio wale wachache kati ya 10,000. Faji aliyepata stika huzaa watoto wenye stika, na watoto hao hupita katika kila bakteria wa kabila lile kama wenyeji. Soja hana kumbukumbu. Jambazi aliyepata stika jana anapigiwa saluti leo.

Zaidi ya hayo, faji nao wamejifunza. Faji aitwaye T7 ana herufi karibu 40,000, na bado neno GAATTC halimo hata mara moja. Kwa hesabu ya bahati tungelitarajia lijitokeze mara kumi hivi. Faji mwingine, T4, ameipaka DNA yake sukari na kuibadilisha mojawapo ya herufi zake, hata wakataji wengi wanashindwa kuisoma. Bakteria mwenye ngao hiyo moja tu angekuwa hatarini siku zote.

MLINZI WA PILI: MWENYE KITABU CHA KUMBUKUMBU

Wengi wetu tulilisikia jina CRISPR mwaka 2020, Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walipopewa Tuzo ya Nobel ya kemia, au mwishoni mwa mwaka 2023, wakati tiba ya ugonjwa wa selimundu iliyotengenezwa kwa njia hiyo ilipoidhinishwa Uingereza na Marekani. Lakini CRISPR haikuvumbuliwa na binadamu. Ni kinga ya bakteria, na sisi tuliiazima tu.

Dalili yake ya kwanza ilionekana mwaka 1987 huko Osaka, Japani. Yoshizumi Ishino na wenzake walikuwa wakisoma jeni moja ya E. koli, wakakuta karibu nayo maandishi ya ajabu: kifungu cha herufi 29 kilichorudiwa mara kadhaa, na kati ya kila marudio palikuwa na herufi 32 zisizofanana na nyingine. Hawakujua ni kitu gani.

Huko Alicante, Uhispania, Francisco Mojica aliona marudio kama hayo katika viumbe vidogo vya maji ya chumvi, akayafuatilia kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2005 yeye, na makundi mengine mawili ya watafiti, walitangaza jambo zito. Vile vipande vilivyo kati ya marudio vilifanana na DNA ya faji na ya wavamizi wengine. Bakteria alikuwa ameweka katika urithi wake mwenyewe vipande vya maadui waliokwisha kumvamia. Ni kama kitabu cha OB katika kituo cha polisi, ambamo kila mhalifu aliyepita ameandikwa alama zake.

Ushahidi wa kukata maneno ulitokea mahali ambapo wengi hawangetarajia: katika kiwanda cha yogati.

Yogati hutengenezwa kwa kuweka bakteria wazuri ndani ya maziwa yenye joto. Mmoja wao ni Streptococcus thermophilus, jina unaloweza kulisoma kwenye pakiti nyingine za yogati. Kazi yake ni kugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, na asidi hiyo huyagandisha maziwa. Faji akiingia katika pipa, bakteria hufa, asidi haitokei, na maziwa hubaki majimaji. Kwa kiwanda hiyo ni hasara kubwa.

Rodolphe Barrangou na Philippe Horvath wa kampuni ya Danisco, wakishirikiana na Sylvain Moineau wa Chuo Kikuu cha Laval, Kanada, walilifanya jaribio lao na kulichapisha mwaka 2007. Walichukua bakteria hao wa yogati wakawashambulia kwa faji wawili waliotoka katika yogati. Karibu bakteria wote walikufa. Wachache walionusurika walikuzwa, kisha watafiti wakasoma sehemu ile ya marudio katika DNA yao. Walikuta kwamba walionusurika wameongeza vipande vipya, kimoja hadi vinne, vya herufi 30 hivi kila kimoja. Na vipande hivyo vilikuwa herufi kwa herufi sawa na DNA ya faji aliyewashambulia.

Hawakuishia hapo. Walichukua vipande hivyo wakavipandikiza kwa bakteria ambaye hakuwa navyo, naye akawa na kinga. Walipoviondoa, kinga ikatoweka. Hapo hapakuwa na shaka tena: kitabu ndicho kilichokuwa kinga.

JINSI KITABU KINAVYOFANYA KAZI

Kazi hiyo ina hatua tatu. Kwanza, faji anapoingia, protini maalumu hukata kipande kifupi cha DNA yake na kukibandika mwanzoni mwa orodha. Kwa hivyo anayeisoma orodha hiyo tangu mwanzo huwakuta maadui wa karibuni kwanza na wa zamani mwisho. Pili, orodha hiyo hunakiliwa na kukatwa katika vikaratasi vidogo vya RNA, kila kimoja kikiwa na alama za adui mmoja. Tatu, kila kikaratasi hukabidhiwa protini ya kukata. Katika bakteria wa yogati protini hiyo huitwa Cas9. Cas9 huzunguka ndani ya bakteria ikilinganisha kikaratasi chake na kila DNA inayokutana nayo. Ikipata inayolingana, hukata pande zote mbili za uzi. Moineau na wenzake waliona mkato huo waziwazi mwaka 2010.

Msomaji makini ataliuliza swali lile lile la mwanzo. Alama za adui zimeandikwa ndani ya DNA ya bakteria mwenyewe. Mbona Cas9 haikati kitabu chake?

Jibu ni zuri kwa urahisi wake. Cas9 haitazami tu zile herufi 30. Kwanza hutafuta herufi chache za utangulizi zinazopaswa kuwa kando yake. Katika DNA ya faji, herufi hizo zipo. Katika kitabu, mahali pake pana yale marudio, ambayo hayana herufi hizo. Bila utangulizi, hakuna kukata. Kwa hivyo mlinzi wa kwanza hujua chake kwa stika aliyokibandika, na mlinzi wa pili hujua cha adui kwa kuwa kimo kitabuni na kina utangulizi.

Mlinzi huyu naye ana udhaifu, tena ni kinyume cha ule wa kwanza. Hana msaada wowote dhidi ya adui mgeni kabisa, kwa kuwa ni lazima mtu ashambuliwe kwanza ndipo aandike. Bakteria wengi sana hufa ili mmoja apate kuandika. Tena faji huweza kuponyoka kwa kubadilisha herufi moja tu, ikiwa ni katika kile kipande kilichoandikwa au katika utangulizi wake. Mwaka 2013 watafiti wa Toronto waligundua hata faji wenye protini za kuwafunga mikono walinzi wa CRISPR. Na si kila bakteria ana kitabu hiki. Kinakadiriwa kuwamo katika asilimia 40 hivi ya bakteria, ilhali mlinzi wa stika hupatikana kwa wengi zaidi.

WAWILI PAMOJA

Je, walinzi hawa hugombana wakiwa katika bakteria mmoja? Moineau na wenzake walilijaribu jambo hilo kwa bakteria yule yule wa yogati na kutoa majibu mwaka 2013. Hawakugombana. Wakiwa pamoja waliwazuia faji kuliko yeyote kati yao akiwa peke yake.

Sababu yake ni ya hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, mlinzi wa kwanza anampitisha faji mmoja kati ya 10,000, na wa pili anampitisha mmoja kati ya 10,000. Kama kila mmoja anafanya kazi kivyake, atakayewapita wote wawili ni mmoja kati ya milioni 100. Faji aliyebahatika kupata stika bado atakutana na kitabu, na aliyebadilisha herufi moja ili kukikwepa kitabu bado atahitaji stika.

Kuna na msaada mwingine. Kazi ya mwaka 2014 katika bakteria hao ilionyesha kwamba faji aliyelemazwa, au aliyekatwa na mlinzi wa kwanza, huwapa bakteria nafasi ya kuandika kitabuni kabla hawajafa. Mlinzi wa stika hununua muda, na mwenye kitabu huutumia.

HERUFI R ILITOKA WAPI?

Sasa turudi kwa yule mama, kwa maana hapa ndipo jambo hili linapomgusa mgonjwa.

Mara nyingi bakteria hawagundui wenyewe jinsi ya kuishinda dawa. Hupokea jeni za kuishinda kutoka kwa bakteria wengine. Jeni hizo husafiri juu ya vijipete vya DNA viitwavyo plasmidi, na plasmidi moja huweza kubeba ukinzani wa dawa kadhaa kwa pamoja. Ndiyo maana katika karatasi ya maabara herufi R hujipanga kama askari kwenye gwaride.

Lakini kwa mlinzi wa bakteria, plasmidi nayo ni DNA ngeni. Mwaka 2008 Luciano Marraffini na Erik Sontheimer wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walionyesha kwamba bakteria mmoja wa ngozi ana katika kitabu chake kipande kinacholingana na plasmidi za jamaa zake, wale wanaoleta majipu na vidonda. Kwa sababu ya kipande hicho, plasmidi hizo hazikuweza kuingia kwake.

Basi hapa pana mtego. Bakteria mwenye ulinzi mkali ni salama dhidi ya faji, lakini hujinyima jeni za kumsaidia dhidi ya antibiotiki. Katika mahali ambapo antibiotiki zimejaa, nani atafaidika? Mwaka 2010 Kelli Palmer na Michael Gilmore walichunguza Enterococcus faecalis, bakteria wa utumbo anayesumbua wagonjwa hospitalini. Waliona kwamba wale walioshinda dawa nyingi kwa kawaida walikuwa wamepoteza CRISPR. Mmoja wao, aliyetoka kwa mgonjwa huko Marekani katika miaka ya 1980, ana DNA ambayo zaidi ya robo yake ni ya wageni waliohamia.

Si bakteria wote wanaofuata mkondo huo. Katika E. koli, kwa mfano, CRISPR mara nyingi imelala, na mlinzi wa stika ndiye anayefanya kazi zaidi. Lakini somo ni moja: kila mara tunapomeza antibiotiki pasipo haja, tunawapendelea bakteria waliofungua mlango kwa plasmidi.

JIBU LANGU KWA MAMA

Je, faji wangemfaa? Nilimweleza kwamba faji si kidonge cha kuchukua kwenye rafu ya duka la dawa. Aliyemponya jirani huenda asimguse bakteria wake hata kidogo, ingawa wote wawili wanaugua kwa E. koli. Kwanza bakteria wa mgonjwa hutandazwa katika sahani ya maabara, kisha tone la kila faji huwekwa juu yake na sahani huachwa usiku kucha mahali pa joto. Bakteria wakiota huonekana kama ukungu mweupe. Faji akifaulu, pale alipodondoshwa hubaki doa safi. Pasipo na doa, hakuna tiba. Na kwa sababu ya ile stika, ni muhimu pia kujua faji huyo alikuzwa ndani ya bakteria wa kabila gani, kwa maana faji yule yule huweza kufaulu au kushindwa kutokana na mahali alipozaliwa.

Wala doa la leo si ahadi ya kesho. Mwaka 2016 profesa Tom Patterson wa San Diego, Marekani, aliokolewa kwa faji baada ya kushikwa na bakteria asiyesikia dawa karibu zote. Baada ya siku chache tu bakteria huyo alikuwa amewazoea faji wa kwanza, na madaktari wakalazimika kutafuta wengine. Katika wagonjwa kama huyo, mara nyingi bakteria hatumii hata walinzi hawa wawili: hubadilisha tu kufuli ya mlango ili ufunguo wa faji usiingie. Ndiyo maana faji hutolewa kwa mchanganyiko wa aina kadhaa, ili anayeukwepa mmoja anaswe na mwingine.

"Kwa hivyo hata huyo virusi naye hupimwa kwanza?" mama aliniuliza.

"Hupimwa, mama, tena kwa makini kuliko vidonge."

Katika karatasi yake palikuwa na dawa mbili zenye herufi S, yaani bado zilikuwa na nguvu. Nilimpa mojawapo, nikamwomba aimalize yote hata kama maumivu yangekwisha siku ya pili, na nikamwambia alete mkojo upimwe tena iwapo dalili zingerudi, badala ya kununua dawa ya mara iliyopita. Aliikunja karatasi yake polepole, akaitia kwenye mkoba. "Hii nitaiweka," akasema. "Nami niwe na kitabu changu." Nilimwambia afanye hivyo hasa, na aje nayo kila anapomwona daktari, yeyote yule.